Sekunde ngapi za video ya mwenzako? Hesabu ya sufuria moja ya pilau Kibokoni

Shangazi yangu anakaa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, na riziki yake ni kupika pilau za harusi. Jioni akipumzika barazani huangalia video za upishi kwenye simu, na haangalii kimya. Huzungumza nazo. "Vitunguu bado vyeupe hivyo, unatia nyama?" "Manjano ya nini tena hapo, mwanangu?" Mimi kazi yangu ni kuhariri video za harusi na matangazo ya maduka. Siku moja nilimsikia akimkosoa mpishi mmoja wa ng'ambo aliyekuwa akifundisha eti pilau ya Mombasa, nikaona hapa pana chaneli.

Video ya yule mpishi ilikuwa ya dakika 11 na sekunde 20. Niliijaza skrini nzima, sura ya shangazi nikaipachika pembeni kwenye kidirisha, nikaiacha icheze mwanzo hadi mwisho. Shangazi aliguna, akacheka, akashika kichwa, na mara tatu akanipa ishara nisimamishe ili aseme jambo. Tulipomaliza tulikuwa na video ya dakika 14. Ukiondoa za mpishi, sehemu ambayo ilikuwa yetu peke yetu ilikuwa dakika 2 na sekunde 40. Hesabu hiyo sikuipiga wakati ule. Watu waliipenda, wakatumiana kwenye makundi ya WhatsApp, na siku ya nne ikaingia barua pepe kutoka YouTube: mwenye video ameomba yetu iondolewe, na ametupa siku 7 tuitoe wenyewe.

Huo ulikuwa uungwana wake. Mwenye haki akijaza ombi la namna hiyo, YouTube humpa njia mbili. Anaweza kutaka video iondolewe mara moja, na hapo chaneli hupata straiki ya hakimiliki, yaani onyo rasmi. Au anaweza kumpa aliyeipakia siku 7, na akiifuta ndani ya siku hizo straiki haiji. Straiki moja hudumu siku 90, na zikifika 3 kabla ya ile ya kwanza kuisha, chaneli iko hatarini kufungwa pamoja na kila kilichomo. Tuliifuta usiku uleule.

Kesho yake shangazi akaniuliza: "Sasa mwanangu, tungechukua kiasi gani ndiyo ingekuwa halali?"

Sikuwa na jibu. Nikawauliza wenzangu wanaofanya video hapa mjini, na kila mmoja akanipa namba yake. Mmoja alisema sekunde 7. Mwingine 10. Mwingine akaapa kwamba chini ya 30 hakuna anayeweza kukugusa. Wengine walikuwa na dawa nyingine kabisa: geuza picha, kushoto iwe kulia, weka fremu ya rangi, punguza kasi kidogo, andika kwenye maelezo kwamba hukusudii kuvunja hakimiliki ya mtu. Nilitumia wiki kadhaa kusoma, na nitasema waziwazi nilichokikuta, kwa sababu vijana wengi wa Pwani wanajenga chaneli zao juu ya namba hizo.

Hakuna namba. Si katika sheria ya Kenya, si katika ya Marekani, wala kwenye masharti ya YouTube.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ya mwaka 2001, inaruhusu matumizi ya haki ya kazi ya mtu bila idhini yake kwa malengo inayoyataja: utafiti, matumizi binafsi, ukosoaji au mapitio, na kuripoti matukio ya sasa, na inataka chanzo kitajwe. Hapo hakuna sekunde. Kilichopo ni swali la unafanya nini. Kama unakosoa au unapitia kazi ile, mlango uko wazi. Kama unaionyesha tu kwa sababu inapendeza, mlango huo si wako, hata ukitaja chanzo mara kumi.

Sheria ya Marekani inatuhusu pia ingawa tuko Mombasa, kwa kuwa YouTube ni kampuni ya huko na utaratibu wake wa kuondoa video umejengwa juu ya sheria ya huko. Kifungu cha 107 cha sheria yao ya mwaka 1976 kinampa hakimu mambo manne ya kupima: lengo la matumizi na namna yalivyo, aina ya kazi iliyoazimwa, kiasi kilichochukuliwa na uzito wake ndani ya kazi nzima, na athari kwenye soko la kazi hiyo. Kiasi kimo, lakini ni kimoja kati ya vinne, na hupimwa kikiwa pamoja na vingine.

Kesi iliyonifungua macho iliamuliwa New York mwezi Agosti 2017. Ethan na Hila Klein, mke na mume wenye chaneli maarufu ya ukosoaji, walichukua video ya mtengenezaji mmoja, Matt Hosseinzadeh, wakaichambua kwa kejeli. Video yake ilikuwa ya dakika 5 na sekunde 24. Walionyesha dakika 3 na sekunde 15 za hiyo, yaani kama asilimia 60. Kwa hesabu za wale wenzangu, hao wangekuwa wamekwisha kuzama. Wakashinda.

Kwa nini? Hakimu Katherine Forrest alitazama video yao, iliyokaribia dakika 14, akaona imepangwaje. Kipande kifupi kinacheza, kinasimamishwa, wawili wanazungumza kwa muda mrefu kuhusu kile kile kilichoonekana punde: maneno ya mhusika, uigizaji, namna mwanamke anavyochorwa. Kisha kipande kingine. Akasema huo ni ukosoaji usio na shaka, na kwamba mtu aliyeangalia video ya Klein hajaangalia ya Hosseinzadeh. Ladha ni nyingine kabisa. Kiasi kilikuwa kikubwa, lakini kilihitajika, kwa sababu huwezi kukosoa tukio ambalo mtazamaji hajaliona.

Hakimu huyohuyo aliweka tanbihi ambayo wengi wanaoitaja kesi hii huiruka. Alionya kwamba hasemi video zote za riaksheni, zile za mtu akionekana anaangalia video ya mwenzake, ni halali. Ziko zinazochanganya vipande vifupi na uchambuzi, akasema, na ziko ambazo ni kama kundi la watu waliokaa kuangalia filamu pamoja bila kuieleza. Niliposoma hapo nilifunga kompyuta. Ile video yetu ya kwanza ilikuwa hiyo ya pili: shangazi kakaa na watazamaji wake, wanaangalia.

Upande mwingine wa mizani kuna kesi ya mwaka 1985 iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani. Jarida la The Nation la huko Marekani lilipata mswada wa kumbukumbu za Rais mstaafu Gerald Ford kabla haujachapishwa, likatoa makala yenye maneno kama 300 yaliyonukuliwa humo. Maneno 300 ndani ya kitabu kizima ni tone baharini. Jarida likashindwa. Mahakama iliona maneno hayo yalikuwa moyo wa kitabu, pale Ford anapoeleza jinsi alivyomsamehe Nixon, rais aliyemtangulia, na ndiyo hasa watu wangekinunulia. Ukiziweka kesi hizi mbili pamoja, asilimia 60 ikapita na maneno 300 yakazama, unaelewa kwa nini kumuuliza mtu "sekunde ngapi?" ni kumuuliza swali lisilo na jibu.

Basi tukarudi jikoni kuifanya upya. Nitaeleza hatua zenyewe, kwa sababu hapa ndipo kazi yote ilipo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanza na video ya mpishi. Ukiiweka hiyo kwanza kwenye programu ya kuhariria, inakuwa ndiyo uti wa mgongo, na wewe unatafuta pa kupenyeza maneno. Safari hii nilianza na maneno. Shangazi aliangalia video mara mbili bila kamera, akiwa na karatasi, akaandika malalamiko yake. Yalitoka 9. Nikamrekodi akiyaeleza moja baada ya jingine, sufuria yake ikiwa mbele yake, bila video ya mtu yeyote kucheza. Nilipata zaidi ya dakika 10 za mtu anayejua kazi yake akifundisha. Hapo tayari palikuwa na kitu cha kuangalia.

Kisha kwa kila lalamiko nikauliza: mtazamaji anahitaji kuona nini ili alielewe hili? Na nikatafuta kipande kifupi kuliko vyote kinachoonyesha hicho tu.

Chukua vitunguu. Kwenye video ya mpishi, sehemu ya kukaanga vitunguu ina urefu wa dakika 1 na sekunde 5. Lakini lalamiko la shangazi linahusu rangi ya vitunguu wakati nyama inapoingia. Kwa hiyo nilichukua pale kijiko kinapovinyanyua, vikiwa vimelainika lakini bado vyeupe, mpaka nyama inapodondoka ndani: sekunde 14. Nikaigandisha picha hapo. Shangazi anaingia: "Basi hapa ndipo pilau ilipokufa." Anaeleza kwamba rangi ya pilau ya kwetu hutoka kwenye vitunguu vyenyewe, vikaangwe polepole mpaka viwe vya kahawia iliyokolea, karibu na kuungua lakini visiungue, ndipo thomu na tangawizi viingie. Tunakata kwenda kwenye sufuria yake, kamera karibu, unaona vitunguu vikibadilika. Maelezo hayo ni dakika 1 na sekunde 40. Sekunde 14 zimezaa sekunde 100, na zote 100 zinazungumzia zile 14.

Manjano yalihitaji sekunde 6. Unachohitaji kuona ni kijiko cha unga wa njano kikiingia. Shangazi anasema kwa nini kimeingia: vitunguu havikutoa rangi, sasa mpishi anaitafuta rangi kwa njia nyingine, na anayoipata ni ya biriani. Kile kijiko cha manjano, alivyokieleza yeye, ni matokeo ya kosa la dakika tano nyuma. Maelezo kama hayo hayawezi kutoka kwa mtu anayecheka tu pembeni. Ni maarifa ambayo video ya awali haikuwa nayo.

Kipande kirefu kuliko vyote kilikuwa cha sekunde 19, na nilijaribu sana kukipunguza nikashindwa. Mpishi anatia mchele, anakoroga, anafunika, halafu anafunua na kukoroga tena. Kosa liko katika mfuatano. Ukionyesha sekunde 6 tu za kukoroga, mtazamaji hajui kwamba ni mara ya pili, na shangazi ataonekana anamsingizia mtu. Urefu wa kipande unaamuliwa na kile kinachopaswa kuonekana. Kama kosa ni kitendo kimoja, kipande ni kifupi. Kama kosa ni mpangilio, kinarefuka.

Vipi kuhusu yale tuliyoyaacha? Niliacha pale mpishi anapotaja vipimo vyote vya viungo. Niliacha sahani ya mwisho ikipambwa, na hadithi yake ya safari iliyomfanya aipende pilau. Nilitaka mtu aliyeangalia yetu asiweze kupika chakula chake kwa kufuata video yetu. Akitaka mapishi yale, hana budi kwenda kwake. Hilo ndilo jambo la nne kati ya yale manne ya kifungu cha 107, soko, na mimi naliona ndilo lenye kumtendea mwenzako haki. Mtu amesimama jikoni siku nzima akirekodi. Unaweza kumwambia amekosea bila kumchukulia wateja wake.

Kipande kimoja kiliniuma kukiacha. Mpishi anaonja, anafumba macho, anatabasamu, na shangazi anasema, "Angalia anavyojipenda!" Kila aliyeiona alicheka. Lakini nina swali ninalokiuliza kila kipande sasa: maneno yanayofuata yangeweza kusemwa juu ya video nyingine yoyote ya upishi? Yakiweza, basi kipande kile hakichambuliwi, kinaliwa tu. "Angalia anavyojipenda" ingefaa kwa kila mpishi duniani. Tukakitoa.

Jumla ikawa vipande 9, sekunde 112 kati ya 680 za video ya mpishi, yaani kama asilimia 16. Video yetu mpya ilikuwa ya dakika 12 na nusu, na za kuazima zilikuwa chini kidogo ya asilimia 15 ya hiyo. Tafadhali usizichukue namba hizi ukaenda kuzitangaza kama kipimo. Kama shangazi angekuwa na malalamiko 20 ya kweli, vingekuwa vipande 20. Kama angekuwa na mawili, viwili.

Kila kipande kilipocheza tuliandika kwenye skrini jina la chaneli ya mpishi, na shangazi alimtaja kwa mdomo mwanzoni, kwa adabu, akasema kilichokuwa kizuri kwake pia. Kiungo cha video yake tukakiweka kwenye maelezo. Sheria yetu inataka kutaja chanzo. Ila kutaja peke yake hakukuoshi. Ile video ya kwanza pia ilikuwa na jina lake.

Nimezungumzia sheria, lakini anayepakia video kwenye YouTube hukutana kwanza na mashine, na watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Mfumo wa Content ID, unaofanya kazi tangu 2007, hulinganisha sauti na picha za video yako na faili ambazo wenye haki wakubwa wameziweka. Mashine haijui ukosoaji ni nini. Haisikii shangazi anasema nini. Ikikuta mlio unaofanana, hata wa sekunde chache, huweza kuweka dai, na mwenye haki ndiye huwa ameamua mapema kifanyike nini: video izuiwe, pesa ya matangazo iende kwake, au afuatilie tu watazamaji. Dai la mashine si straiki. Ndiyo sababu mtu anaweza kuchambua kwa haki kabisa akapata dai, na mwingine akaiba video nzima asipate kitu kwa miezi, kwa kuwa tu mwenyewe hayumo kwenye mfumo huo. Kukosa dai hakukupi haki, na kupata dai hakuthibitishi kosa.

Zile dawa za kugeuza picha na kuweka fremu zinatibu mashine peke yake, na siku hizi hata hiyo haziitibu vizuri. Mbele ya mwenye video zinakuumiza, maana zinaonyesha ulijua unaficha.

Kwetu dai lilitoka pale ambapo hatukupatarajia. Tulipopakia video mpya, kabla ya kuiweka hadharani, hatua ya "Checks", ambapo YouTube huikagua video kabla haijatoka, ilionyesha alama moja kwenye kipande cha sekunde 16. Picha haikuwa na shida. Shida ilikuwa muziki ambao mpishi aliuweka nyuma ya maneno yake, na muziki ule una mwenyewe mwingine kabisa. Hili wengi hawalioni: ukiazima video ya mtu, unaazima pia alivyoviazima yeye. Nikatazama kipande kile tena. Mpishi alikuwa anakata nyama, na lalamiko la shangazi lilikuwa juu ya ukubwa wa vipande. Tulihitaji macho tu. Nikazima sauti, shangazi akazungumza juu yake, alama ikaondoka. Tangu siku hiyo najiuliza kwa kila kipande kama nahitaji sauti, picha, au vyote. Mara nyingi ni kimoja.

Kama ningehitaji sauti ile, ningeweza kulipinga dai. Mdai ana siku 30 za kujibu, na ukilipinga ndani ya siku 5 za mwanzo, mapato ya video huwekwa kando tangu siku dai lilipowekwa mpaka mambo yaamuliwe. Hilo ni jepesi. Zito ni lile la video kuondolewa kwa ombi rasmi, na wewe kutaka kujaza kanusho la kisheria ili irudishwe. Soma fomu ile polepole. Inataka jina lako halisi na anwani, na hizo zinapelekwa kwa aliyelalamika. Na kama unaishi nje ya Marekani, kwa kuijaza unakubali kwamba mahakama ya wilaya ilipo YouTube, kule California, inaweza kukusikiliza. Mlalamikaji hupewa siku 10 za kazi za huko kuonyesha kwamba amefungua kesi, asipofanya hivyo video hurudi. Kwa video yetu ya pili ningeijaza fomu hiyo bila kusita. Kwa ile ya kwanza ningekuwa natia saini jambo nisiloweza kulitetea. Hata Klein walioshinda walihitaji michango ya watu, zaidi ya dola 100,000, kulipa mawakili. Ushindi wao ni wa kweli, lakini hatuna mfuko huo Kibokoni.

Lango la mwisho ni la malipo, na hapa hakimiliki haihusiki kabisa. Chaneli ikifikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, huweza kuomba kugawiwa mapato ya matangazo, na YouTube huikagua. Wana kanuni dhidi ya maudhui yaliyotumiwa tena bila nyongeza ya maana, na wanasema waziwazi kwamba unaweza kukataliwa hata kama una ruhusa ya mwenye video. Maana yake, kama yule mpishi angetuandikia barua ya baraka kwa ile video ya kwanza, shangazi bado asingelipwa. Mkaguzi angeona mtu anaguna pembeni ya kazi ya mwenzake. Angeangalia ya pili, angeona mikono ya mama wa Kimombasa ndani ya sufuria yake mwenyewe kwa zaidi ya dakika 10.

Video ya pili haijaletewa ombi lolote. Mpishi mwenyewe alikuja kuandika chini yake, akauliza vitunguu vikaangwe kwa moto wa kiasi gani, na shangazi alinifanya nimjibu neno kwa neno: moto wa wastani, mkono usitoke kwenye mwiko.

Sasa anataka kuchambua wimbo wa taarabu, mafumbo yake, nani alikuwa anamsema nani. Nimemwambia muziki ni mgumu kuliko pilau mara mbili. Mashine zinausikia upesi, na wimbo ni mfupi, hivyo kila kipande ni sehemu kubwa ya kazi nzima. Mashairi nayo yana haki yake hata kama hakuna ala inayopigwa, kwa hiyo kuyasoma yote kwa mdomo si njia ya kukwepa. Tumekubaliana atasoma mstari au miwili anayoifumbua wakati huo, aifumbue mpaka mwisho, kisha aende kwenye mingine, na ile asiyo na la kusema juu yake aiache.

Tunachobishania ni kiitikio. Yeye anataka kisikike chote, kwa sababu ndicho kitamu. Mimi namwambia kwa sababu ndicho kitamu ndiyo tusikipige chote. Huo ndio moyo wa wimbo, kama yale maneno 300. Jana usiku amekuja na hoja iliyonishinda. Anasema mwimbaji analivuta neno moja la mwisho kwa makusudi mpaka maana inageuka, na hilo haliwezi kusomwa, lazima lisikike. Nikaupiga wimbo, nikapima. Neno lile na pumzi inayolitangulia ni sekunde 9. Hizo tutazitumia.